Rejista ya Sauti za Kinoti

Ujumbe uliingia saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, Mwalimu Marcella alipowasha data kuona kama kuna neno. Hiyo ilikuwa desturi yake, na ya nusu ya watu wa Mikinduri. Data huwashwa kama taa ya stoo: unaingia, unachukua ulichofuata, unatoka na kuizima. Bando la wiki linaloachwa wazi halimalizi siku mbili.

Ujumbe huo ulitoka kwa Kinoti, mwanawe, aliyekuwa Edmonton, Canada, mwaka wa sita sasa. Huko ilikuwa saa tano na robo usiku wa Ijumaa, naye ndiyo kwanza ameingia zamu katika nyumba ya kulelea wazee, ambako kazi yake ilikuwa kuwageuza vitandani, kuwapa dawa na kuitikia kengele zao hadi asubuhi.

"Mama, shikamoo," aliandika. "Nimepata dakika kumi. Fuata hizi hatua moja moja, usiruke.

1. Usibonyeze kiungo chochote, hata kikitoka kwa kundi la kanisa. Sasisho la simu haliletwi na meseji, liko ndani ya simu yenyewe.

2. Nenda kwa Kagwiria utumie waifai. Fungua programu ya kijani, halafu Mipangilio, halafu Gumzo, halafu Hifadhi nakala. Usiweke video. Ngoja mpaka iseme imemaliza.

3. Chaji ifike juu ya nusu, na simu ibaki kwa umeme.

4. Simu iko na nafasi kidogo. Ulinipimia robo gigabaiti, na sasisho linataka mbili na nusu. Kwa hivyo fungua gumzo letu mimi na wewe, bonyeza Futa gumzo, ukubali ifute na faili zake. Zile sauti zangu za zamani ni takataka tu, hazina kazi.

5. Fungua Mipangilio, Mfumo, Sasisho la programu. Pakua.

6. Ikiuliza kama ijizime na kujiwasha, kubali. Usiiguse mpaka ikuulize namba ya siri.

7. Mwisho sasisha programu ya kijani, kutoka kwa duka la programu ya simu pekee."

Marcella aliusoma mara mbili, akazima data, akaleta daftari.

Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na jambo moja lilikuwa wazi kwake kabla hata chai haijapoa: maagizo haya yalikaa ndani ya gumzo ambalo agizo la nne lilimtaka alifute. Mtu hakati tawi alilokalia. Akayanakili yote kwa kalamu ya bluu, neno kwa neno, isipokuwa pale Kinoti alipoandika "iko na nafasi". Hapo aliandika "ina", akapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Haraka yote ilitokana na Jumatatu. Kwa wiki mbili programu ya kijani ilikuwa ikimwonyesha tangazo kwamba toleo lake lingeacha kufanya kazi tarehe kumi na sita Juni. Alipojaribu kulisasisha, simu ilisema haina nafasi na mfumo wake ni wa zamani. Kinya, binti yake, ambaye ni karani mjini Embu na anaishi mtaa wa Majimbo, alikuwa ameahidi kuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki mbili baada ya Jumatatu. Na programu hiyo ndiyo njia pekee ambayo Kinoti alipatikana. Simu ya kawaida kutoka kule alikuwa amewahi kuipiga mara moja tu, siku ya kifo cha baba yake.

Lakini lililomfanya aketi na daftari wazi hadi chai ikapoa ni agizo la nne.

Kwenye rafu, kati ya Biblia na kitabu cha nyimbo, kulikuwa na rejista ya shule, ile ndefu yenye jalada la kijani kibichi, ambayo ilibaki mikononi mwake alipostaafu. Ndani yake, mahali pa majina ya wanafunzi, aliandika sauti za Kinoti. Kila ujumbe wa sauti aliotumiwa ulikuwa na mstari wake: tarehe, urefu kwa dakika na sekunde, na neno moja au mawili juu ya habari iliyomo. Alianza Septemba 2019, wiki Kinoti alipoondoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kitu kinachokuja na kuondoka kila siku huwekewa rejista; ndivyo alivyojua kukitunza. Hadi asubuhi hiyo zilikuwa sauti mia sita na kumi na moja.

Na hakuzihesabu tu. Jioni, baada ya kufungia kuku, aliketi jikoni akacheza moja au mbili, kama vile mtu anavyofungulia redio ili nyumba iwe na mtu. Tangu Gitobu, mumewe, azikwe mwaka wa 2021, nyumba ya vyumba vinne haikuwa na sauti nyingine baada ya saa kumi na mbili isipokuwa mvua na mabati.

Sasa mwenye sauti amesema ni takataka.

Alifunga rejista, akavaa sweta, akashuka sokoni.

*

Duka la Kagwiria liliuza nafaka mbele na waifai nyuma. Ukinunua kilo mbili za maharagwe unakaa kwenye benchi karibu na magunia bila kuulizwa neno. Kagwiria alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye wiki tatu nyuma alikuwa amelitumia kundi zima kiungo kilichosema "Sasisha simu yako leo upate bando la bure". Alikuwa amekibonyeza yeye mwenyewe kwanza. Kikamwomba namba sita zilizokuja kwa meseji, akazitoa. Siku mbili nzima mtu asiyejulikana aliandikia kina mama wa kanisa kwa jina lake, mpaka alipoirudisha akaunti yake.

"Mwalimu, karibu," alisema. "Leo umekuja na daftari. Kuna mtihani?"

"Kuna mtihani. Mwalimu yuko Canada."

"Kinoti anakusahihisha! Dunia imegeuka." Kagwiria alipangusa benchi kwa leso. "Kaa hapa, waifai inashika vizuri. Na mimi usiniulize kitu. Kuhusu simu nimejiuzulu."

"Ulifukuzwa," ikasema sauti kutoka kibanda cha pili. "Hukujiuzulu."

Huyo alikuwa Gikunda, fundi wa simu, mwanamume wa miaka arobaini mwenye miwani ya kukuza iliyosukumwa kwenye paji la uso. Marcella alikuwa amemfundisha darasa la sita.

"Mwalimu, lete hiyo simu," alisema Gikunda. "Dakika ishirini tu, naifuta yote, naiwekea mfumo mpya, inarudi kama imetoka dukani."

"Yaliyomo yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda mbinguni, Mwalimu. Lakini simu inakuwa nyepesi!"

"Basi ikae nzito."

"Ulinichapa kwa ajili ya ngeli, na bado huniamini."

"Nilikuchapa kidogo, Gikunda. Ndiyo maana ngeli bado zinakusumbua."

Kagwiria alicheka mpaka akashika mizani.

Marcella alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye hatua ya pili. Mipangilio. Gumzo. Hifadhi nakala. Video zilikuwa zimezimwa tayari. Alibonyeza, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulichukua dakika thelathini na tano. Ulipofika mwisho, simu iliandika saa ya nakala ile na ukubwa wake, naye akaandika vyote viwili daftarini, kwa sababu hatua isiyo na saa haiwezi kuthibitishwa: saa nne na dakika kumi na mbili, megabaiti mia nne na kumi.

Angeweza kufanya hatua ya nne palepale benchini. Hakutaka. Alisema simu haina chaji ya kutosha, jambo ambalo lilikuwa kweli, akapanda mlima kurudi nyumbani. Waifai ilikatika alipopita ghala la miraa. Data ilikuwa imezimwa.

*

Aliichomeka simu ukutani na kuweka rejista mezani. Alikuwa ameamua kusikiliza sauti sita, moja kwa kila mwaka uliokwisha, kila mara ile ndefu kuliko zote za mwaka huo. Rejista ilimwonyesha ni zipi, na hazikuhitaji data kwa kuwa zilikuwa tayari ndani ya simu.

Ya 2019 ilikuwa ya tarehe kumi na nne Desemba, dakika tisa na sekunde arobaini. Kinoti alikuwa kituoni akingoja basi ambalo halikuja. Alieleza theluji inavyolia chini ya kiatu kama unga wa mahindi ukikanyagwa. Alieleza mzee mmoja aliyemwita kwa jina la mwanawe mwenyewe. Aliuliza kama ng'ombe amezaa. Katikati alinyamaza sekunde ishirini nzima, na pumzi yake tu ikasikika, kisha akasema, "Mama, basi hili," halafu akasema, "La, silo," akaendelea.

Ya 2020 ilikuwa dakika saba. Ya 2021, dakika sita, ilikuja wiki moja baada ya mazishi. Ya 2022, dakika tatu na nusu. Ya 2023, mbili. Ya 2024 ilikuwa dakika moja na sekunde tano.

Za mwaka huu hakuhitaji kuzitafuta. Ndefu kuliko zote ilikuwa na sekunde kumi na tisa, na rejista, mahali pa habari, ilisema kwa mwandiko wake mwenyewe: "Yuko kazini. Atapiga Jumapili."

Alizipanga namba zile sita, pamoja na ya mwaka huu, chini ya mstari, moja juu ya nyingine, kama hesabu ya kutoa. Hakuwahi kuziona zikiwa pamoja. Zikiwa zimetawanyika katika kurasa arobaini hazikusema kitu. Hapa zilisema jambo ambalo mtu yeyote anayejua kusoma angeliona, na hakuna wa kulaumiwa: kijana alikuwa amechoka, ana kazi mbili, na maneno ya kumwambia mtu aliye mbali huisha kama chumvi, kidogo kidogo, bila siku ambayo unaweza kusema ndiyo siku ilipoisha.

Basi kama mwenyewe anasema hazina kazi, pengine ni kweli hazina kazi kwake. Insha ni ya mwandishi wake. Mwalimu huisahihisha, haimhusu kumkataza mwenyewe asiichane.

Na kulikuwa na Jumatatu. Ukizipima, upande mmoja ulikuwa na sauti za zamani, na upande wa pili sekunde kumi na tisa zinazokuja. Ambaye bado anakuja huwekewa nafasi.

Saa saba na dakika arobaini mchana alifungua gumzo, akabonyeza Futa gumzo, akaweka alama ya kufuta na faili, akakubali. Skrini ikawa nyeupe. Aliandika saa daftarini. Kisha akafungua Hifadhi kuona nafasi iliyopatikana.

Ilikuwa chini ya nusu gigabaiti. Miaka sita ya Kinoti, pamoja na picha zake zote, ilikuwa imeachia megabaiti mia moja na tisini.

Aliitoa ile nusu kwenye gigabaiti mbili na nusu zilizotakiwa. Hakuhitaji karatasi.

*

Saa nane u nusu alikuwa tena kwenye benchi la Kagwiria. Mara waifai iliposhika, simu ilitetemeka mara nne mfululizo. Gumzo tupu la Kinoti likajaa mistari.

"Mama, namba nne usifanye." Hiyo ilikuwa na saa tano na dakika hamsini asubuhi.

"Nimekosea. Nimeangalia kwa simu yangu, sauti ya dakika tano haifiki hata megabaiti moja. Kinachojaza simu ni video za kundi la kanisa. Futa gumzo la kundi. Sauti ziache."

"Mama uko hapo?"

"Mama, zile sauti mimi sina. Zangu zilipotea na ile simu ya kwanza. Usifute tafadhali."

Hiyo ya mwisho ilikuwa ya saa saba na dakika ishirini. Dakika ishirini kamili kabla. Wakati huo alikuwa jikoni na data imezimwa, akimsikiliza akingoja basi.

"Mwalimu?" Kagwiria aliacha kupima ndengu. "Kuna habari mbaya?"

"Hapana. Kuna hesabu."

Aliandika kwa vidole viwili, polepole, na vituo vyote mahali pake: "Nimeshafuta, saa saba na dakika arobaini. Data ilikuwa imezimwa. Nafasi iliyopatikana haitoshi."

Alama mbili zikageuka bluu papo hapo. Kule Edmonton ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Juu ya skrini ilitokea kwamba anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena. Ikapotea. Marcella alingoja kama alivyokuwa akingoja mtoto anayejua jibu lakini ameogopa kuinua mkono.

"Ulifanya namba mbili?" hatimaye ikaja.

"Nilifanya. Saa nne na dakika kumi na mbili. Megabaiti mia nne na kumi."

"Baada ya kufuta, uliwasha waifai ama data mahali?"

"Hapana. Ni sasa tu."

"Mama." Kisha: "Mama, basi ziko. Nakala ya asubuhi ilichukuliwa kabla hujafuta. Lakini ni lazima leo. Simu hujichukulia nakala nyingine yenyewe saa nane usiku, na hiyo mpya itakaa mahali pa hii. Fungua pale pa Hifadhi nakala uone bado inasema saa nne."

Alifungua. Ilisema saa nne na dakika kumi na mbili.

"Nakili hizi kabla ya kuanza," aliandika Kinoti, "kwa sababu katikati sitakuwepo. Programu itakuwa imetoka na hatutaweza kuandikiana." Na zikaja hatua nyingine, fupi safari hii. Futa gumzo la kundi pamoja na faili. Sasisha mfumo. Simu ikiwaka, ondoa programu ya kijani kabisa, uipakue upya kutoka duka la programu. Weka namba yako ileile. Utapata tarakimu sita kwa meseji. Usimwonyeshe mtu. Ikiuliza kama irejeshe nakala, bonyeza Rejesha. Ukibonyeza Ruka, hutaulizwa tena.

Hiyo ya mwisho aliinakili kwa kalamu nyekundu.

"Nakwenda kugeuza watu," aliandika Kinoti. "Zamu inaisha saa kumi zako."

Kundi la kanisa lilikuwa na gigabaiti tatu na nukta nne: mahubiri, harusi, minada ya ng'ombe, mtu asiyejulikana akieleza dawa ya kisukari. Lilifutika kwa pumzi moja.

"Umetufuta sisi?" aliuliza Kagwiria, akichungulia.

"Nimewafuta."

"Hata ile ya mimi nikicheza ngoma kwa kina Kaimenyi?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote."

"Uwongo!"

"Ni ukweli. Megabaiti tisini."

"Mwili wangu huo," alisema Kagwiria, na kurudi kwenye ndengu zake.

Sasisho lilipakuliwa kwa dakika arobaini, simu ikiwa imechomekwa nyuma ya mizani. Ikauliza kama ijizime na kujiwasha. Alikubali. Skrini ikawa nyeusi, kisha nembo, kisha duara dogo likizunguka bila kusema linakwenda wapi. Gikunda alikuja na kusimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Ikikwama hapo, Mwalimu, utaniletea."

"Haitakwama."

"Zingine hukwama zikiguswaguswa."

"Ndiyo maana siigusi. Nawe usiiguse."

Kwa dakika kumi na nane hakukuwa na simu. Hakukuwa na mtu wa kumwandikia wala njia ya kupatikana, na kule nje pikipiki za miraa zilipita zikipiga honi kuelekea mji wa Maua kama kawaida. Marcella alikaa wima, daftari magotini. Alitambua kwamba hajui namba ya nyumba ya wazee ambako Kinoti alifanya kazi. Hakujua hata jina la nyumba hiyo. Kama duara lile lingeendelea kuzunguka mpaka Jumatatu na baada yake, asingekuwa na pa kuanzia. Ulikuwa ukweli tu, nao ulikuwa wa miaka sita, ila alikuwa hajautazama.

Simu iliuliza namba ya siri.

Aliondoa programu, akaipakua upya. Meseji ya tarakimu sita ilipoingia, Gikunda aliishusha miwani machoni.

"Nisomee nikuandikie, Mwalimu, macho yako—"

Marcella aliifunika skrini kwa kiganja. "Macho yangu yalikuona ukiiba chaki ukiwa mstari wa nyuma. Rudi kibandani."

"Mwambie!" alisema Kagwiria. "Laiti na mimi ningalikuwa na mwalimu kama huyo pale nilipobonyeza!"

Akaziingiza mwenyewe. Skrini ikatafuta, ikafikiri, kisha ikaonyesha: nakala imepatikana, leo, saa nne na dakika kumi na mbili. Chini yake maneno mawili, Ruka na Rejesha. Alilinganisha neno na neno lililo daftarini, herufi kwa herufi, ndipo akabonyeza.

Maandishi yalirudi kwanza. Sauti zilifuata baadaye, moja moja, kama darasa linaloingia kutoka mapumziko. Alifungua rejista, ambayo alikuwa ameibeba mkobani, akaanza juu kabisa, Septemba 2019, akiweka alama ya tiki mbele ya kila mstari ulipotokea kwenye simu. Hakucheza hata moja. Alilinganisha tarehe na urefu tu. Kagwiria alifunga gunia la mwisho, akaketi karibu naye kumshikia kurasa.

*

Kinoti aliandika saa kumi na dakika kumi na mbili.

"Zimerudi?"

"Nimefika Machi 2022. Mpaka hapo hakuna aliyekosa."

"Unazihesabu?"

"Zina rejista."

Alama zikageuka bluu. Labda alikuwa anavua sare, labda anatembea kwenda kituoni. Marcella aliendelea. Aprili 2022. Mei. Kadiri kurasa zilivyosonga mbele kazi ilikwenda upesi zaidi, kwa kuwa mistari ya mwaka ilikuwa michache. Alipofika ukurasa wa mwisho aliandika chini: 611, wote wapo.

"Wote wapo," aliandika kwenye simu.

"Asante mama. Ndefu kuliko zote ni ipi?"

"Ya tarehe 14 Desemba 2019. Dakika tisa na sekunde arobaini. Unangoja basi."

"Sikumbuki."

"Najua."

"Nitumie. Sasa hivi ninangoja basi."

Aliigusa, akaishikilia, akaipeleka. Ikaenda: alama moja, alama mbili. Kando yake kulikuwa na kipaza sauti kidogo cha kijivu. Kinya alikuwa amewahi kumweleza kwamba kipaza sauti hicho hugeuka bluu mtu akishaifungua sauti na kuisikiliza. Marcella hakuwahi kukihitaji. Sauti zote zilikuwa zikija upande wake.

"Basi limekuja," Kinoti akaandika. "Nitasikiliza nikifika. Kesho Jumapili nitapiga."

"Sawa. Lala kwanza."

Alimshukuru Kagwiria, akanunua kilo mbili za maharagwe ambazo hakuzihitaji, akapanda mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Alifungia kuku, akawasha moto, akaweka simu mezani, skrini juu.

Waifai ilikuwa imekatika zamani, pale ghalani. Aliwasha data ili aone. Hakuna neno jipya. Kipaza sauti kilikuwa kijivu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Kule saa tatu na nusu asubuhi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku huwa amelala.

Kwenye ukurasa mpya wa rejista alichora mstari, akaandika tarehe na urefu: dakika tisa, sekunde arobaini. Mahali pa habari aliandika "Imepelekwa". Kisha akaongeza safu moja ambayo rejista haikuwahi kuwa nayo, akaandika juu yake "Imesikilizwa saa", akaiacha wazi.

Alipika. Alikula. Bando lilitakiwa limfikishe siku nne zaidi, na alijua hesabu yake vizuri kuliko mtu yeyote. Alisogeza kidole hadi kwenye kile kitufe cha kuzima data, kama kila jioni, akakiondoa.

Akaiacha inawaka.